Dakika Mbili za Thavamalar

Kama kuna kitu Thavamalar alikichukia kuliko kuchelewa, ni kuitwa mvivu na mtu aliyeamka baada yake. Yeye aliamka saa kumi na moja alfajiri, siku zote za shule, akawasha kuni, akachoma mikate ya nazi, akasaga pilipili na vitunguu, akamwosha mdogo wake Niroshan wa miaka mitatu kwa maji ambayo hayajapata moto vizuri. Saa kumi na mbili u nusu mama yao, Pakiyam, alikuwa ameshafunga kikapu cha kuchumia chai mgongoni na kwenda kuitwa majina. Asiyekuwepo jina lake likiitwa, siku hiyo hana kazi. Chumba cha kulelea watoto cha shamba, alikompeleka Niroshan, kilifunguliwa saa moja kamili, na yaya wake hafungui hata dakika moja kabla, mvua inyeshe mtoto alie. Kutoka hapo mpaka shuleni ni mwendo wa dakika hamsini, wote mteremko, na ukikimbia unaweza kuiba dakika kumi. Geti la shule lilifungwa saa moja u nusu.

Hesabu hiyo mtoto wa darasa la pili anaiweza. Walimu walikuwa na vyeti vya hesabu ukutani, na hawakuwahi kuifanya.

Basi watoto wa Divisheni ya Juu, wale wanaokaa nyumba za safu kule kileleni ambako chai inaishia na msitu unaanza, walikuwa watu wa nje ya geti. Walifika wakihema, saa mbili kasoro robo, saa mbili kasoro dakika kumi, wakasimama kwenye ukungu mpaka kipindi cha kwanza kimalizike. Saa mbili u nusu kiranja aliwafungulia, akawapa daftari la wachelewaji, kila mmoja akaandika kwa mkono wake: jina, darasa, saa aliyofika, sababu. Kwenye sababu waliandika "mdogo wangu", mpaka wakachoka, wakaanza kuandika "mvua" hata siku za jua. Mchana daftari lilipelekwa kwa Mwalimu Mkuu, naye akatia sahihi chini bila kusoma.

Hesabu kilikuwa kipindi cha kwanza siku tatu za juma. Kwa hiyo watu wa juu walifeli hesabu, na walipofeli, ikasemwa kwamba watu wa juu hawana vichwa. Thavamalar alikuwa na kichwa. Ndiyo maana alipofika darasa la kumi, umri wa miaka kumi na mitano, alichukua fomu ya kugombea ukiranja mkuu.

"Wewe?" alisema Prasanthan, mtoto wa mtunza ghala wa shamba, ambaye ndiye mgombea mwingine. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa tu mtu anayeishi hatua mia mbili kutoka shuleni. "Malar, wewe kiranja mkuu? Nani atafungua geti asubuhi, kivuli chako?"

"Wewe si unakaa jirani, utanifungulia."

Darasa zima likacheka, naye Prasanthan akacheka pia. "Watu wa juu bwana," akasema. "Hata kushindwa mtachelewa."

Taratibu za uchaguzi zilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, kwa mwandiko wa Mwalimu Kamalambikai, mwalimu wa historia na msimamizi wa viranja. Mwanamke huyo alipenda utaratibu kuliko alivyopenda chakula. Kila mgombea ataandika hotuba ya ukurasa mmoja. Ataipeleka kwa msimamizi siku tatu kabla. Msimamizi ataisoma na kutia sahihi. Mgombea ataisoma kama ilivyotiwa sahihi, na atakayeongeza au kupunguza neno ataondolewa. Hotuba ni dakika mbili, kengele itagongwa mara moja zikibaki sekunde thelathini na mara mbili muda ukiisha. Kura zitapigwa madarasani, kipindi cha kwanza, mara baada ya hotuba, na karatasi zitatolewa sawasawa na idadi ya waliohudhuria kwenye rejista.

Thavamalar aliusoma mstari huo wa mwisho mara tatu. Rejista iliitwa saa moja u nusu, watoto wakiwa kwenye mistari, kabla ya sala. Miaka minne alikuwa ametoka darasa la sita hadi la kumi, na uchaguzi umepita mara nne, na hakuwa amepiga kura hata mara moja. Siku zote alidhani ni bahati mbaya. Sasa aliona kwamba ni utaratibu, umeandikwa kwa wino, na hasira ikampanda hadi masikioni.

Akaenda chumba cha walimu siku hiyohiyo.

"Mwalimu, naomba kura zipigwe baada ya mapumziko."

"Kwa nini?"

"Wa Divisheni ya Juu wanakuwa nje kipindi cha kwanza."

"Wafike mapema," alisema Mwalimu Kamalambikai, bila kuinua macho kwenye madaftari. "Siku moja tu kwa mwaka, Thavamalar. Mtu anayeitaka kura yake ataamka."

"Wameamka, Mwalimu. Wameamka kabla yako."

Maneno hayo yalimtoka kabla hajayapima. Mwalimu akainua macho sasa. "Hotuba yako umeileta?"

Alikuwa ameileta. Mwalimu aliisoma akiwa ameshika kalamu nyekundu, midomo ikicheza. Alipofika katikati akasimama, akachora mstari juu ya sentensi tatu, moja moja, kwa rula. Sentensi zenyewe zilikuwa hizi: *Kila siku wenzetu thelathini na kitu husimama nje ya geti kwa sababu mama zao wako kazini na chumba cha watoto hakijafunguliwa. Hao si wavivu. Nikichaguliwa, nitaomba geti liwangoje.*

"Kiranja halindi wavunja sheria," alisema, akatia sahihi chini. "Iliyobaki ni nzuri. Ni hotuba ya heshima kabisa. Isome hivyo hivyo."

Rafiki yake Sutharshini, waliyekaa naye dawati moja, ndiye aliyekubali kuwa wakala wake wa kuhesabu kura. Walijizoeza nyuma ya maktaba, Sutharshini ameshika saa ya kaka yake. Hotuba nzima ilikuwa dakika mbili kasoro sekunde mbili. Baada ya kalamu nyekundu ikabaki dakika moja na nusu.

"Soma polepole," alisema Sutharshini.

"Nikisoma polepole nitasikika kama padri."

"Basi simama kimya. Wagombea wakubwa wanasimamaga kimya, watu wanapiga makofi."

"Mimi nikisimama kimya watadhani nimesahau. Suthi, ukweli wangu uko kwenye sentensi zile tatu. Hizi nyingine ni nguo tu."

"Hizi nyingine ni nzuri, Malar. Mimi zilinigusa." Akamrudishia karatasi. "Tatizo lako unadhani watu wa juu tu ndio wanaokupenda."

Hakuwa amewahi kuliwaza hilo. Aliona aibu kidogo.

Jioni ya kuamkia uchaguzi, mama yake alikuwa akipaka mafuta vidole vilivyochanika kwa kuchuma. Aliisikiliza hotuba hadi mwisho. Pakiyam alisoma mpaka darasa la tano, lakini alikuwa na sikio.

"Inasemwa kesho saa ngapi?"

"Baada ya sala. Saa mbili kasoro hivi."

"Na rejista saa moja u nusu. Wewe mgombea, usipokuwa kwenye mstari?"

"Wananifuta, Amma."

Pakiyam akatoka na taa hadi mlango wa tatu wa safu yao, kwa bibi Muthamma aliyestaafu kuchuma kwa sababu ya magoti. Aliporudi alisema, "Bibi atamchukua Niroshan kesho. Mmoja. Nilimuuliza na watoto wawili watatu wa jirani, akaniambia yeye ni bibi, si gari." Akacheka, halafu uso ukarudi kuwa mzito. "Nenda mapema. Usinitie aibu, lakini usiogope pia. Mimi nimeogopa watu wa ofisini miaka ishirini na sijaona faida yake."

Kwa hiyo siku ya uchaguzi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya sekondari, Thavamalar alipita geti likiwa wazi. Aliona mambo ambayo hakuyajua: kwamba ua hufagiliwa na darasa la saba, kwamba Mwalimu Mkuu Sathasivam hufika na pikipiki na kofia yenye ufa, kwamba saa ile wenzake huwa wanacheka tu, wamekaa ukutani, hawana haraka na chochote. Alitaka kufurahi, akashindwa. Jina lake lilipoitwa kwenye rejista alisema "Nipo" kwa sauti kubwa mno, watu wakageuka.

Nyuma yao kiranja akafunga geti, akapitisha mnyororo.

Baada ya sala na matangazo wagombea wawili walipanda ngazi za saruji mbele ya ofisi, ambako kilisimamishwa kipaza sauti kilichoazimwa hekaluni, kinachopiga mluzi kila ukikisogelea. Mwalimu Kamalambikai alikaa pembeni na nakala za hotuba, kidole tayari kwenye mstari wa kwanza. Mzee wa kengele alisimama na nyundo kando ya kipande cha reli kilichoning'inizwa. Kura ya nani atangulie ilimwangukia Prasanthan. Alizungumza vizuri, kusema haki. Aliahidi mashindano ya mpira wa kriketi kati ya madarasa, akasema kiranja ni mtumishi, akamaliza sawasawa na kengele ya pili, na makofi yakavuma.

Wakati makofi yanavuma, Thavamalar aliwaona. Kutoka juu ya ngazi uliona vichwa vyote, na nyuma ya vichwa, hatua arobaini, geti. Walikuwa wameshafika. Walikuwa wameshika vyuma, wengine wameinamia magoti wakitafuta pumzi. Letchumi wa darasa la tisa, msichana mrefu mwenye mdomo, alikuwa amembeba mdogo wake begani maana yaya hakupokea wenye homa. Walikuwa thelathini na saba. Walikuwa wamekimbia kuja kumsikiliza yeye, na kipaza sauti cha hekalu kilikuwa kikikoroma kiasi kwamba kule hakifiki chochote.

"Mgombea wa pili," alisema Mwalimu Kamalambikai. "Thavamalar, darasa la kumi B. Muda unaanza."

Nyundo iligonga reli. Thavamalar alikisogelea kipaza sauti, kikapiga mluzi. Alikuwa na dakika mbili na hotuba ya dakika moja na nusu. Sekunde thelathini zilikuwa zake, tena alipewa na Mwalimu Kamalambikai mwenyewe kwa rula na wino mwekundu.

Akashuka ngazi.

Minong'ono ikaanza. "Anakimbia!" mtu wa darasa la nane alisema, na wengine wakacheka. Alipita kati ya mistari ya la tisa na la kumi, karatasi mkononi. Prasanthan alibaki juu amefungua mdomo. Alipofika getini aligeuka akasimama ubavu, bega moja likigusa vyuma, uso nusu kwa wa nje na nusu kwa wa ndani. Madarasa yote yakageuka kumfuata, mistari ikawa nyuma mbele, wadogo wa la sita waliokuwa wakificha nyuso nyuma ya wakubwa wakajikuta wako karibu.

Alianza kusoma kwa sauti ile wanayotumia mama zao kuitana kutoka bonde hadi bonde.

"Mwalimu Mkuu, walimu wetu, na wanafunzi wenzangu wote. Jina langu ni Thavamalar. Mimi si mwimbaji, na sikimbii haraka, ingawa nimefanya mazoezi mengi ya kukimbia."

Hapo wa nje walicheka, kicheko cha watu wanaojua, na cha ndani kikafuata.

"Siwaahidi choo kipya, wala mpira, wala safari, kwa sababu si vyangu kuwapa. Nitawaambia kitu nilichokwisha kufanya. Mwaka jana darasa la sita walikuwa wanaogopa kwenda bombani, kwa sababu wakubwa wanawasukuma. Mapumziko nilisimama pale, muhula mzima. Sikuwa na beji. Nilikuwa na viwiko. Walikunywa maji."

Kengele ikagonga mara moja. Sekunde thelathini.

"Kiranja hupewa daftari la kuandika makosa yetu. Mimi nataka kiranja awe mtu unayeweza kumwendea kabla hujawa na kosa. Naahidi jambo moja, na mnishike kwalo: sitamwandika mtu yeyote kabla sijamuuliza kilichompata, na kabla sijamsikiliza mpaka amalize. Kila mmoja wenu ana thamani sawa kwangu."

Akafika mstari wa mwisho. Alikuwa ameuandika mezani kwao, kandokando ya jiko, na haukuwa na ugumu wowote. Sasa macho ya Letchumi yalikuwa kiganja kimoja kutoka kwake, upande wa pili wa vyuma. Akausoma akiyatazama.

"Naomba kura ya kila mmoja wenu. Hakuna kura ninayoweza kuikosa."

Kengele ikagonga mara mbili. Kisha Letchumi, mtoto begani, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemuuliza dada yake mkubwa, "Na sisi tunapigia wapi, akka?"

Makofi yalianzia darasa la sita, yakaja mpaka mbele, yakachukua muda mrefu kunyamaza.

"Umevunja utaratibu," Mwalimu Kamalambikai alimwambia alipomfikia, shingo imemwiva.

"Upi, Mwalimu?"

"Hotuba hutolewa jukwaani."

"Hilo halikuandikwa. Hotuba nimeisoma yote. Nimesoma ubao siku nne."

Mwalimu Mkuu Sathasivam alikuwa ameshuka taratibu, mikono nyuma. "Kamalambikai, amebadilisha neno?"

Mwanamke yule alikuwa na kasoro nyingi, lakini hakuwa mwongo. Alitazama nakala yake, kidole bado kiko mstari wa mwisho. "Hajabadilisha neno, Mwalimu Mkuu."

"Basi wapige kura."

"Na wa nje, Mwalimu Mkuu?" aliuliza Thavamalar.

"Walio kwenye rejista," alisema Mwalimu Kamalambikai haraka. Mwalimu Mkuu alitazama geti, akatazama saa yake, akasema rejista ni rejista, akaingia ofisini. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu.

Wakapiga kura. Karatasi zilikuwa robo ukurasa, zimepigwa mhuri wa shule, zenye picha mbili: taa ya Prasanthan na kikapu cha chai cha Thavamalar. Mmojammoja walikwenda nyuma ya ubao uliosimamishwa juu ya madawati, wakatia alama ya mkasi, wakakunja mara mbili, wakatumbukiza kwenye bati la biskuti lililotobolewa tundu, na kidole kidogo kikapakwa wino wa zambarau. Thavamalar alipiga ya kwake. Ilikuwa kura ya kwanza ya maisha yake, na alipotoka nyuma ya ubao hakuweza kuuinua uso, maana dirishani aliliona geti.

Kuhesabu kulifanyika maktaba, walimu wawili mezani na mawakala wamesimama mikono nyuma, wasiguse kitu. Kila karatasi ilifunuliwa, ikaonyeshwa pande zote, ikatajwa. Taa. Kikapu. Taa. Taa. Karatasi tatu ziliharibika, mojawapo kwa sababu mtu alikichorea kikapu masharubu. Sutharshini alirudi darasani kabla ya mapumziko, na Thavamalar alijua tangu mlangoni.

"Prasanthan mia moja sabini na moja," alisema Sutharshini. "Wewe mia moja arobaini na nane. Tofauti ishirini na tatu." Akakaa, akaanza kulia kwa hasira. "Malar, mia na arobaini na nane, na wa juu humo hawamo. Ni hawa wa chini waliokupa. Nilikwambia."

Thavamalar alimshika mkono. Yeye hakulia. Alijisikia mtupu, na ndani ya utupu huo kulikuwa na kitu kigumu ambacho hakikukubali kukaa.

Prasanthan alivalishwa beji wakati wa mapumziko. Alikuja mwenyewe kumtafuta baadaye, beji imekaa upande, akasema, "Umeongea kuliko mimi."

"Najua," alisema Thavamalar.

"Nikuweke uwe msaidizi? Mwalimu ameniruhusu nichague."

"Beji ya kuokotewa sitaki. Mimi niliomba kwao." Akaona uso wa mwenzake umeshuka, akaongeza, "Kriketi yako iandae kweli. Wasichana nao wacheze."

Kipindi kilichofuata mwanafunzi wa zamu alisimama mlangoni. Thavamalar anaitwa ofisini, sasa hivi.

Mwalimu Mkuu alikuwa mezani na daftari la wachelewaji limefunguliwa mbele yake, kifuniko cha kalamu mdomoni. Mwalimu Kamalambikai alisimama dirishani. Kwa mara ya kwanza, ilionekana, mtu alikuwa amelisoma kabla ya kutia sahihi.

"Sogea," alisema Mwalimu Mkuu. "Soma safu ya sababu."

Akasoma. Letchumi, la tisa A, saa mbili kasoro dakika kumi na mbili, sababu: *Nampigia Thavamalar.* Chini yake, mwandiko mwingine: *Nampigia Thavamalar.* Chini tena, kwa penseli, mtoto wa la sita aliyebonyeza mpaka karatasi ikatoboka: *Kikapu.* Ukurasa mzima, na ukurasa wa pili. Mtu mmoja aliandika *Nampigia Prasanthan*, na hiyo ilikuwa haki yake. Wawili waliandika *mvua*, kwa mazoea. Wengine wote walikuwa wake. Kila mstari ulikuwa na jina, darasa, saa na sababu, zaidi hata ya karatasi za bati la biskuti ambazo hazikuwa na jina la mtu.

Machozi yale ambayo hayakutoka darasani yalimjia hapo, akayaacha yashuke, hakuyafuta.

"Wewe ndiye uliyewaambia waandike hivi?" aliuliza Mwalimu Kamalambikai.

"Mimi nilikuwa ndani, Mwalimu. Wao walikuwa nje. Mnyororo ulikuwa katikati."

"Huku ni kuchezea kumbukumbu ya shule."

"Waliulizwa sababu. Wamejibu."

"Matokeo yamekwishatangazwa," alisema Mwalimu Mkuu, zaidi kwa daftari kuliko kwa mtu. "Unalijua hilo. Beji imevalishwa. Sasa mnataka nini kwangu, mimi nitie sahihi chini ya hiki kitu?"

"Sitaki beji, Mwalimu Mkuu. Prasanthan akae nayo." Sauti yake ilikuwa imelowa, lakini haikushuka. "Naomba uzihesabu."

"Nizihesabu halafu?"

"Halafu utie sahihi. Kama siku zote."

Mwalimu Kamalambikai aligeukia dirisha. Mwalimu Mkuu Sathasivam alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Akaweka kidole kwenye jina la Letchumi na kusema, "Moja." Akashuka mstari kwa mstari, akiyataja majina kwa sauti pamoja na namba, polepole, kama anavyoita rejista mtu asiyewajua watoto wake. Alifika thelathini na nne. Akaiandika namba hiyo, akaandika ishirini na tatu, ile tofauti ya kura, pembeni yake, na kalamu ikabaki hewani juu ya mahali pa sahihi.